Bango Limesema Saa Mbili, Simu Imelia Saa Nane

Bango la taarabu likibandikwa kituo cha daladala, kila apitaye hulielewa kwa kutupa jicho mara moja. Limeandikwa "Jumamosi, saa 2:00 usiku", na hakuna wa kuuliza ni saa ngapi hiyo. Sasa lipige picha, iachie programu ya simu isome maandishi na kuyapeleka yenyewe kwenye kalenda. Programu iliyozoea saa za Kizungu ikiona 2:00 na neno usiku, huandika 02:00. Kwa mkazi wa Mwananyamala hiyo ni saa nane usiku. Kengele italia usiku wa manane wa kuamkia Jumamosi, saa kumi na nane kabla mpiga kinanda hajagusa kinanda chake.

Siku hizi mabango mengi hata ukuta hayauoni. Yanachorwa kwenye kompyuta, yanarushwa WhatsApp kama picha, na mwenye kuipokea anabaki na picha moja kati ya mamia kwenye simu yake. Ndiyo maana watu wa ratiba, kama waandishi wa kurasa za burudani, makatibu wa jumuiya na wenye kumbi, wanataka picha ile igeuzwe miadi yenye visanduku vitano: jina la tukio, tarehe, saa ya kuanza, mahali na namba ya simu.

Visanduku hivyo vina mtindo wake rasmi. Kalenda ya Google, ya Apple na ya Outlook zote hupokea faili la iCalendar, lenye mkia wa `.ics`. Mtindo huo uliwekwa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009 katika waraka uitwao RFC 5545. Ni matini ya kawaida tu, mtu anaweza kuyaandika kwa mkono. Lakini hayana huruma. Bango huzungumza na watu wa mtaa wake, wanaojua mwaka gani huu, Mnazi Mmoja ipi, na usiku unaanzia wapi. Kalenda haijui lolote kati ya hayo, na kazi nzima ya kugeuza bango ni kuandika yale ambayo mchoraji hakuona haja ya kuyaandika.

Kusoma herufi ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na vikorombwezo, kwa hiyo programu ya kusoma maandishi kwenye picha haihangaiki nacho. Tesseract, programu ya bure iliyoanzia katika maabara za Hewlett-Packard mwaka 1985 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005, ina faili la mafunzo ya Kiswahili lijulikanalo kwa kifupi cha `swa`. Kwa kuwa mabango yetu huchanganya lugha, ni vizuri kuipa zote mbili kwa pamoja:

```
tesseract bango.jpg matini -l swa+eng
```

Kinachoisumbua ni uchoraji. Herufi za dhahabu zinazong'aa juu ya gauni la mwimbaji, jina lililopindishwa kama upinde, safu mbili zilizokaa bega kwa bega hadi programu inazisoma mstari mmoja na kupachika bei ya kiingilio katikati ya jina la ukumbi. Ukubwa nao una neno: herufi yenye kimo cha chini ya pikseli 20 hivi huanza kuyumba, na WhatsApp hubana picha inapoituma. Anayetaka picha nzuri amwombe mtumaji aitume kama faili, isiyobanwa. Na asiikate kingo. Maandishi madogo ya chini kabisa, yale yanayoonekana kama uchafu, mara nyingi ndiyo yanayotaja wilaya.

Tuchukue bango la kutunga, lenye kila ugonjwa wa mabango halisi. Limefika kwenye simu Jumatatu, tarehe 17 Agosti 2026, na baada ya kusomwa limetoa haya:

```
USIKU WA TAARABU
JUMAMOSI HII 22/8
VIWANJA VYA MNAZI MMOJA
SAA 2:00 USIKU - MAJOGOO
KIINGILIO 10,000/=
LIPA NAMBA 000000
O7OO OOO OOO
ilala
```

Saa ndiyo inayostahili kukaliwa kitako, kwa sababu ndiyo inayokosewa kimyakimya. Herufi ikisomwa vibaya, jicho huliona kosa. Saa ikigeuzwa vibaya, miadi inatokea safi, imenyooka, na ni ya uongo.

Kanuni ya mitaani ni "ongeza sita", nayo inatosha mchana kutwa: saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 10 jioni ni 16:00. Usiku hauendi hivyo. Hapo unaongeza kumi na nane, na ukifika 24 au kuivuka unaiondoa hiyo 24. Saa 2 usiku inakuwa 20:00. Saa 9 usiku inafika 27, ukitoa 24 unabaki na 03:00. Saa 10 alfajiri kwa njia hiyohiyo ni 04:00, maana alfajiri kabla ya saa 12 bado iko upande wa usiku.

Inayowaangusha waandishi wa programu ni saa 12. Ukiongeza sita kwenye saa 12 asubuhi unapata 18, yaani umemwamsha mtu wa mazoezi jua likizama. Dawa ni kuihesabu saa 12 kama sifuri: saa 12 asubuhi inakuwa 06:00, na saa 12 jioni, kwa kanuni ya usiku, inakuwa 18:00. Hapo neno "jioni" linagawanyika. Saa 10 na saa 11 jioni hufuata kanuni ya mchana, lakini saa 12 jioni, pamoja na saa 12 na nusu, hufuata ya usiku. Mtu aliyeandika programu yake akaijaribu kwa mechi ya saa 10 jioni na taarabu ya saa 2 usiku ataona mambo shwari, kisha bango la futari la saa 12:30 jioni litamtia aibu. Kwa hiyo majaribio yaanzie kwenye mipaka: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku.

Saa 6 usiku huja na balaa la pili, la tarehe. Bango likisema "Jumamosi 22/8, saa 6 usiku", msanii anapanda jukwaani usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, na kwa kalenda hiyo ni 00:00 ya tarehe 23. Programu inayobadilisha saa bila kugusa siku itaandika 00:00 ya tarehe 22, ambayo ilipita tangu watu walipokuwa wamelala Ijumaa. Chochote kuanzia saa 6 usiku hadi kabla ya saa 12 asubuhi kisogezwe siku moja mbele, ikiwa bango ni la mkesha wa siku iliyotajwa. Bango la matembezi ya "Jumapili saa 11 alfajiri" haliguswi: hiyo ni Jumapili yenyewe, 05:00. Hakuna hesabu inayotofautisha haya mawili. Kinachoyatofautisha ni aina ya tukio, ndiyo maana jina la tukio lisomwe kabla ya saa.

Pwani kuna tata nyingine, nayo haiwezi kuonekana na mtu asiyekulia huko. Katika hesabu ya Kiislamu siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa wazee wengi ni jioni ya Alhamisi baada ya jua kuzama, ilhali "Ijumaa usiku" ni Ijumaa yenyewe. Kijana wa mjini anaweza kuyatumia yote mawili kwa maana moja. Bango la maulidi likiandika "usiku wa Ijumaa" bila tarehe, njia salama ni kuacha kisanduku cha tarehe wazi na kupiga simu. Waandalizi makini huandika "Alhamisi kuamkia Ijumaa", na hao wanastahili shukrani.

Bango hilohilo la maulidi huenda likaandika "baada ya sala ya Isha" na kukaa kimya. Hapo hakuna saa ya kusoma. Dar es Salaam Isha huangukia saa moja na nusu usiku au kupita kidogo, ikisogea kwa misimu, na mtu anaweza kujaza 20:00 kama makadirio mradi maneno ya asili yabaki kwenye maelezo ya miadi. Msomaji wa miadi ana haki ya kujua kipi kilisemwa na bango na kipi kilikisiwa.

Mabango ya lugha mbili ni bahati. Likiandika "Saa 2:00 usiku" upande mmoja na "8:00 PM" upande wa pili, una mashahidi wawili, na wakikubaliana kazi imekwisha. Wasipokubaliana, usichague, uliza. Linalotia shaka zaidi ni lile linaloandika "Saa 8:00 usiku". Kwa Kiswahili sanifu hiyo ni 02:00, na hafla chache sana huanza wakati huo. Mara nyingi ni mchoraji aliyeipokea 8 PM kutoka kwa mteja akaivalisha neno usiku bila kuibadilisha. Kenya, ambako mabango mengi huchorwa kwa Kiingereza kwanza, tahadhari hii ina nafasi yake. Programu nzuri isiikatae saa hiyo wala isiikubali. Iiwekee alama ili binadamu aitazame.

Kuhusu "majogoo", au "hadi chee" kama wengine wanavyoandika, ushauri ni mmoja: usijaze saa ya kumaliza. RFC 5545 inaruhusu tukio lenye saa ya kuanza pekee. Kwa maandishi ya waraka ule, tukio hilo huhesabiwa limekwisha palepale lilipoanza, na programu nyingine hulipa muda wake zenyewe. Hilo halidhuru. Jogoo gani atawika saa ngapi si kazi ya katibu kukisia.

Tarehe ina mlinzi wake ndani ya bango, nao ni jina la siku. Tarehe 22 Agosti ni Jumamosi mwaka 2026. Ilikuwa Jumamosi pia mwaka 2020 na mwaka 2015, lakini mwaka 2025 ilikuwa Ijumaa na mwaka 2027 itakuwa Jumapili. Bango letu halina mwaka, ila siku na tarehe vikikaa pamoja, miaka inayowezekana inabaki michache. Tuseme lingeandika "Jumapili 22/8". Hapo kuna mawili: ama mchoraji amekosea, ama picha ni ya mwaka 2021, imeamka tena kwenye makundi ya WhatsApp kama yanavyoamka matangazo ya kazi ya zamani. Mtego huu wa siku na tarehe hunasa makosa mengi, na hauhitaji chochote zaidi ya kalenda.

"Jumamosi hii" peke yake, bila tarehe, inategemea picha ilitoka lini. Picha iliyopigwa kwa simu hubeba ndani yake siku ilipopigwa, katika kumbukumbu ziitwazo EXIF, ila ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida kumbukumbu hizo hufutwa. Inabaki siku ujumbe ulipofika, nayo haisemi bango lilichorwa lini. Picha iliyosambazwa mara nyingi ikisema "Jumamosi hii" bila tarehe, haina tarehe.

Namba kama 8/9 ni tarehe 8 Septemba kwa mabango ya Afrika Mashariki, siku kwanza, mwezi baadaye. Ila simu iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani huisoma 9 Agosti. Kwa 22/8 hakuna hofu, kwani hakuna mwezi wa ishirini na mbili. Hofu ni kwa siku 12 za mwanzo wa kila mwezi, na huko ndiko jina la siku huokoa jahazi.

Na kuna mabango ya Iddi. "Iddi Mosi na Iddi Pili, wote mnakaribishwa" ni tarehe inayosubiri mwezi kuandama, na mwandalizi mwenyewe hana la zaidi. iCalendar ina neno kwa hali hiyo, `STATUS:TENTATIVE`, linaloweka tukio kama la kutarajiwa. Mwezi ukishaonekana, anayetunza kalenda anabadilisha tarehe na kuondoa mashaka. Ni mistari miwili ya kazi, na wengi hawaifanyi.

Mahali, kwa bango letu, panaonekana rahisi mpaka mtu akumbuke kwamba kuna viwanja vya Mnazi Mmoja Dar es Salaam na vingine Unguja, na kati yao kuna bahari. Mtu wa Kariakoo hafikirii mara mbili, wala mtu wa Ng'ambo hafikirii. Kalenda ikipewa "Mnazi Mmoja" na kuachiwa ramani ichague, itachagua kwa vigezo vyake. Hapa ndipo lile neno dogo la chini, "ilala", linapolipa deni: Ilala ni Dar es Salaam. Lisingekuwepo, simu ya mezani ingesaidia, kwa sababu 022 ni Dar es Salaam na 024 ni Zanzibar. Namba za mkononi haziapi mahali mtu alipo. Majina yaliyobadilika nayo yanaleta usumbufu: uwanja mkubwa wa Dar es Salaam umeitwa Benjamin Mkapa tangu mwaka 2020, lakini kuna mabango na midomo bado inayosema Uwanja wa Taifa, na anayejaza kisanduku aandike jina la sasa ili ramani ilikute.

Namba ya simu inapimika kuliko vyote. Tanzania namba ya mkononi ina tarakimu kumi na huanza na 06 au 07. Kwa matumizi ya nje sifuri ya mwanzo huondoka na +255 hukaa mbele, zikibaki tarakimu tisa. Kenya ni 07 au 01, na +254. Bango letu limerudi na herufi O mahali pa sifuri, kosa la kila siku, pamoja na l kusomwa badala ya 1, S badala ya 5 na B badala ya 8. Ndani ya mstari ambao wote unatakiwa uwe tarakimu, herufi hizo zinaweza kurudishwa bila woga. Hesabu isipofika kumi, usitafute tarakimu ya kujazia. Namba yenye tarakimu moja ya kubuni ni simu ya mtu mwingine, ambaye ataulizwa kuhusu taarabu wiki nzima.

Lipa Namba isichanganywe na namba ya mawasiliano. Ni ya kulipia, kawaida huwa fupi kuliko tarakimu kumi, na mara nyingi huchorwa kubwa kuliko simu yenyewe. Programu inayokamata "mfuatano wowote wa tarakimu" itaidaka hiyo kwanza. Kadhalika kiingilio, kadhalika tarehe zilizoandikwa kwa kushikana.

Jina la tukio halina mengi. Herufi kubwa kuliko zote kwenye bango huwa jina la msanii au la mdhamini, na kanuni ya "chukua maandishi makubwa" hugeuza kampuni ya soda kuwa tamasha. Hapa "Usiku wa Taarabu" imejitaja. Isipojitaja, aina ya shughuli na jina la msanii mkuu vinatosha.

Faili likikamilika linakuwa hivi:

```
BEGIN:VCALENDAR
VERSION:2.0
PRODID:-//mabango//SW
BEGIN:VEVENT
UID:taarabu-20260822@mfano
DTSTAMP:20260817T060000Z
DTSTART:20260822T170000Z
SUMMARY:Usiku wa Taarabu
LOCATION:Viwanja vya Mnazi Mmoja\, Ilala\, Dar es Salaam
CONTACT:+255700000000
DESCRIPTION:Saa 2:00 usiku hadi majogoo. Simu +255700000000
END:VEVENT
END:VCALENDAR
```

Vitu vitatu hapo vinahitaji maelezo. Mkwaju unaotangulia kila mkato ni sharti la mtindo wenyewe. Namba ya simu imerudiwa kwenye maelezo kwa sababu si kila programu ya kalenda huonyesha kisanduku cha `CONTACT`, na simu isiyoonekana haipigwi.

La tatu ni ile 170000 yenye Z mwishoni, inayomshtua anayetarajia 20. Z maana yake ni saa za dunia, ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zimezitangulia kwa saa tatu mwaka mzima, bila kusogeza mishale kwa misimu. 20:00 ukitoa tatu ni 17:00. Kuandika hivyo kunaepusha mgogoro kwa miadi inayosafiri. Mswahili aliye Maskati atalifungua faili hilo na kuona 21:00, aliye Bujumbura au Bukavu ataona 19:00, na wote watakuwa sahihi, jambo lenye maana hasa kwa hafla zinazorushwa mtandaoni. Tukio la saa 6 usiku la tarehe 23 litaandikwa 20260822T210000Z, na anayekagua faili kwa macho atadhani siku imerudi nyuma. Haijarudi. Akague kwa kulifungua kwenye kalenda ya simu iliyo Dar es Salaam, aone kama siku, saa na jina la siku vinalingana na bango, kisha aipige ile namba mara moja kabla hajawatumia wengine.